Tulinunua Kampuni Iliyosajiliwa Zamani: Tuliyoyakagua Kabla ya Kulipa na Tuliyoyabadilisha Baadaye

Mwanzoni mwa 2024 mimi na shemeji yangu tulikuwa tukiuza sabuni za maji na dawa za kusafishia kwa nyumba za wageni hapa Mombasa, kila mmoja kwa jina lake. Hoteli moja kubwa ya pwani ilitaka kutupa kazi ya mwaka mzima, lakini masharti yake yalisema kwamba anayeuza lazima awe kampuni yenye dhima ya kikomo na awe amesajiliwa kwa muda usiopungua miaka mitatu. Ndipo shemeji alipoleta habari za watu wanaouza kampuni za rafuni, yaani kampuni zilizosajiliwa zamani, zikakaa bila kufanya biashara yoyote, na sasa zinauzwa kwa yule anayetaka umri wake. Naandika haya kwa ajili ya wale ambao wamekwisha kuambiwa bei na wako karibu kulipa, kwa sababu mambo mengi tuliyoyapata njiani hayaonekani kwenye karatasi ambazo muuzaji hukuonyesha.

Jambo ambalo wakili wetu alilisisitiza tangu siku ya kwanza, na ambalo ndilo msingi wa yote yanayofuata, ni kwamba kampuni hainunuliwi kama duka linavyonunuliwa. Ukinunua duka unaweza kuchukua bidhaa na jengo ukamwachia mwenyewe madeni yake. Ukinunua kampuni, kinachohama ni hisa tu, kutoka jina la mtu mmoja hadi jina la mwingine. Kampuni yenyewe inabaki ileile, ikiwa na namba yake ya usajili, PIN yake ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, mikataba yake, na kila deni lililojikusanya tangu siku ilipozaliwa. Maneno ya muuzaji kwamba “haijawahi kufanya kazi” hayamaanishi kwamba haina deni, na hilo tulilishuhudia katika kampuni ya kwanza tuliyoonyeshwa.

Kampuni hiyo ilisajiliwa 2020 na muuzaji alitaka shilingi 120,000. Alitupa nakala ya cheti cha usajili, CR12 ya hivi karibuni, cheti cha PIN, na cheti cha uzingatiaji wa kodi ambacho muda wake ulikuwa haujaisha. Kwa macho ya mtu wa kawaida, faili hilo lilikuwa limekamilika. CR12, kwa wasioifahamu, ni taarifa rasmi ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, inayoonyesha wakurugenzi, wenye hisa, idadi ya hisa za kila mmoja na kama kampuni imewekwa rehani. Majina yaliyokuwamo yalikuwa ya muuzaji na binamu yake, na hapakuwa na rehani yoyote.

Tulimpelekea faili lile mhasibu mmoja wa mtaa wa Tudor hapa Mombasa ambaye amekuwa akinisaidia na hesabu zangu kwa miaka mingi. Hakuanza na CR12. Alikichukua cheti cha PIN na kuweka kidole kwenye jedwali lililo chini ya anwani, ambalo wengi wetu hatulisomi. Jedwali hilo huorodhesha majukumu ya kodi ya kampuni, tarehe kila jukumu lilipoanza, na kama bado linatumika. Jukumu la kwanza lilikuwa kodi ya mapato ya kampuni, jambo la kawaida kwa kila kampuni. La pili lilikuwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na mbele yake pameandikwa `Active`, maana yake bado linatumika.

“Kampuni isiyouza kitu, imesajiliwa VAT ya nini?” aliuliza.

Muuzaji alipopigiwa simu alieleza kwamba aliisajili kwa sababu kampuni yenye VAT huuzika haraka. Huenda ni kweli, kwani wanunuzi wengi hudhani kwamba ni faida. Kisheria, wakati huo kampuni ililazimika kujisajili VAT pale mauzo yake yanayotozwa kodi hiyo yalipofikia shilingi milioni 5 kwa mwaka, na mwenye kampuni ndogo anaweza kujisajili kwa hiari. Lakini akishajisajili, analazimika kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hakuuza chochote. Ritani ya sifuri nayo ni ritani. Kwa mujibu wa Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, anayechelewesha ritani ya VAT hutozwa adhabu ya shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Asiyekuwa na kodi ya kulipa basi hutozwa hizo elfu kumi, kwa kila mwezi.

Tulimwomba muuzaji aingie mbele yetu kwenye akaunti ya kampuni katika iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato. Alikubali, nami namshukuru kwa hilo, maana wapo wanaokataa. Leja ya kampuni ilionyesha deni sifuri, naye akatuangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Mhasibu akamwambia afungue orodha ya ritani zilizowasilishwa, kisha akanigeukia.

“Ndugu yangu, usitazame deni lililoandikwa. Hesabu miezi isiyokuwapo.”

Akaanza kuisoma orodha kwa sauti, mwezi baada ya mwezi, huku mimi nikiandika. Ritani za 2022 zilikuwapo zote. Ya mwisho ilikuwa ya Desemba 2022. Baada ya hapo hapakuwa na kitu hadi siku hiyo, mwishoni mwa Machi 2024. Miezi 12 ya 2023, pamoja na Januari na Februari 2024, ikawa 14, na 14 mara 10,000 ni shilingi 140,000. Kisha akatazama kodi ya mapato. Mwaka wa hesabu wa kampuni ile uliishia Desemba, na ritani hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, kwa hiyo ya 2022 ilipaswa kuingia kabla ya Juni 2023 kuisha. Haikuwapo. Adhabu yake kwa kampuni ni shilingi 20,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Jumla ikafika 160,000, kwa kampuni iliyokuwa ikiuzwa 120,000.

Nilimuuliza mhasibu imekuwaje leja ionekane safi. Alinieleza kwamba mara nyingi adhabu ya kuchelewa huandikwa kwenye leja pale ritani iliyochelewa inapowasilishwa. Mwenye kampuni aliyeacha kuwasilisha anaweza kukaa muda mrefu akiona sifuri, na mnunuzi anayejitahidi kusafisha mambo ndiye anayeamsha deni zima siku anapoketi kujaza ritani za nyuma. Kuhusu cheti cha uzingatiaji wa kodi, alisema kwamba kinatolewa kwa hali ya siku kilipoombwa na huweza kudumu mwaka mzima, kwa hiyo hakiwezi kushuhudia kilichotokea baada ya siku hiyo. Haya mawili, leja safi na cheti ambacho muda wake haujaisha, ndiyo yanayowatuliza wanunuzi wengi, na yote mawili yanaweza kuwa halali kabisa huku kampuni ikiwa na shimo la laki na nusu.

Muuzaji alipoonyeshwa hesabu hiyo alijitolea kupunguza bei hadi 60,000 na kutuandikia barua kwamba atabeba madeni yote ya nyuma. Shemeji alivutiwa. Mimi nilimwomba wakili atoe maoni yake, naye akasema kwamba barua ya namna hiyo ina nguvu kati yetu na muuzaji tu. Mamlaka ya Mapato haitamtafuta yeye, itaidai kampuni, ambayo wakati huo itakuwa yetu, nasi ndio tutakaobaki kumtafuta muuzaji mahakamani kwa ahadi yake. Kampuni hiyo tukaiacha.

Kwa yeyote anayeangalia kampuni ya namna hii, kuna ukaguzi mmoja ambao hauhitaji ruhusa ya muuzaji hata kidogo. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa iTax, bila kuingia kwenye akaunti, kuna sehemu iitwayo `PIN Checker`. Ukiingiza PIN ya kampuni, utaona majukumu yake ya kodi na kama yanatumika. Ukiona VAT au PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, kwenye kampuni ambayo unaambiwa haijawahi kuwa na mauzo wala mfanyakazi, basi jua kwamba kuna ritani za kila mwezi za kuulizia. Kwa upande wa PAYE, hali ni ileile, na adhabu ya chini ya kuchelewa ni shilingi 10,000.

Kampuni ya pili tuliipata kwa wakala mwingine mwezi wa Aprili. Ilisajiliwa Mei 2020 na bei yake ilikuwa 150,000, ghali kuliko ya kwanza, ila ilikuwa na jukumu moja tu la kodi, la mapato ya kampuni, na ritani za 2020, 2021 na 2022 zilikuwamo zote zikiwa za sifuri. Ritani ya 2023 ilikuwa bado ina muda hadi mwisho wa Juni. Kwa BRS kulikuwa na taarifa za mwaka ambazo hazijawasilishwa, na hizo tulimtaka muuzaji azimalize kwanza kwa gharama yake. Wengi hulipuuza hilo kwa kuwa ada zake si kubwa, lakini Msajili ana mamlaka ya kuifuta kampuni anayoamini kwamba haifanyi kazi, na kampuni iliyonyamaza miaka mingi bila taarifa inajiweka kwenye njia hiyo. Wakili pia alifanya upekuzi kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, kwa sababu si kila dhamana huonekana kwenye CR12. Hakupata kitu.

Alipokuwa akisoma hati za uanzishaji wa kampuni hiyo, wakili alituuliza swali ambalo hatukulitarajia: hizi hisa zililipiwa? Kampuni ilikuwa na hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja, 500 za muuzaji na 500 za mkewe, na kwenye karatasi mtaji ni shilingi 100,000. Lakini kampuni haikuwa imewahi kuwa na akaunti ya benki, kwa hiyo hapakuwa na mahali ambapo fedha hizo zingeingia. Hivi ndivyo kampuni nyingi ndogo zinavyoanzishwa, na kwa kawaida hakuna anayejali. Hata hivyo, mwenye hisa ambayo haijalipiwa anadaiwa na kampuni thamani yake, na akiuza hisa hiyo, mnunuzi anaichukua pamoja na deni hilo. Kampuni ikifilisika, mfilisi anaweza kumgeukia yeye. Tuliandika kwenye mkataba kwamba hisa hazijalipiwa, na baadaye tulipofungua akaunti tuliweka shilingi 100,000 kama mtaji, mimi 60,000 na shemeji 40,000, tukahifadhi hati za benki kama ushahidi. Fedha hizo hazikupotea, ndizo tulizonunulia mapipa ya kwanza ya sabuni, lakini ni vizuri mnunuzi azihesabu tangu mwanzo badala ya kudhani kwamba 150,000 ndiyo gharama yote.

Malipo ya kampuni tuliyagawa mara tatu kwa ushauri wa wakili, na kama ningeruhusiwa kumpa mtu ushauri mmoja tu ningempa huu. Shilingi 60,000 zililipwa siku ya kutia sahihi. Nyingine 60,000 zilikaa kwenye akaunti ya wakili hadi CR12 mpya itoke ikiwa na majina yetu. Salio la 30,000 lilizuiwa kwa miezi sita, ili likitokea deni la nyuma lilipwe kutoka hapo kwanza. Muuzaji alinung'unika kuhusu hizo elfu thelathini, lakini alikubali, na nadhani namna muuzaji anavyolipokea pendekezo hilo inakueleza mengi kuhusu kampuni yake.

Siku ya sahihi ilikuwa na mpangilio ambao wakili hakutaka uvurugike. Kwanza bodi ya zamani, yaani muuzaji na mkewe, iliandika azimio la kuidhinisha uhamisho wa hisa na kututeua sisi kuwa wakurugenzi. Sisi tukatia sahihi kukubali. Baada ya hapo ndipo wao walipotia sahihi barua zao za kujiuzulu. Sheria ya Makampuni ya 2015 inataka kampuni binafsi iwe na angalau mkurugenzi mmoja ambaye ni binadamu, na wakurugenzi wa zamani wakijiuzulu kabla ya wapya kuteuliwa, hakuna aliye na mamlaka ya kuteua. Mke wa muuzaji alikuwa Nakuru siku hiyo, na muuzaji akapendekeza amtilie sahihi kwa niaba yake. Wakili alikataa katakata, tukasubiri hadi alipokuja mwenyewe. Nusu ya hisa ilikuwa mali yake, na sahihi ya mumewe isingetupa hisa hizo.

Fomu za uhamisho wa hisa zilikwenda kukadiriwa ushuru wa stempu, ambao kwa hisa za kampuni ya namna hii ni asilimia 1 ya thamani. Kwetu ilikuwa shilingi 1,500. Fomu inapaswa kulipiwa ndani ya siku 30 tangu itiwe sahihi, na ambayo haijalipiwa haiwezi kusajiliwa wala kutumika kama ushahidi. Muuzaji kwa upande wake alikuwa na kodi ya faida itokanayo na mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida halisi, na tuliandika kwenye mkataba kwamba hiyo ni juu yake. Kisha majina yetu yakaingizwa kwenye daftari la wenye hisa la kampuni. Daftari hilo muuzaji hakuwa nalo, kama ilivyo kwa wengi, kwa hiyo wakili alifungua jipya na kuandika historia yote tangu hisa za kwanza. Vyeti vya zamani vya hisa vilirudishwa vikafutwa, tukapewa vipya.

Mabadiliko ya wakurugenzi na wenye hisa yaliwasilishwa BRS kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ya wakurugenzi yana muda wa siku 14. Pamoja nayo kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa kampuni za zamani hawalitaji: sajili ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaoimiliki au kuitawala kampuni hata kama majina yao hayapo mbele. Tangu kanuni za 2020, yeyote mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au kura, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, lazima aandikwe humo. Kubadilisha wakurugenzi na wenye hisa hakubadilishi sajili hii. Kwenye kampuni yetu, majina ya wamiliki manufaa yalibaki ya muuzaji na mkewe hadi tulipowasilisha yetu, na mabadiliko haya nayo yana siku 14.

CR12 ilipotoka na majina yetu, shemeji alidhani kazi imekwisha. Kwa BRS ilikuwa imekwisha, lakini iTax haikuwa na habari. Niligundua hilo nilipojaribu kuingia. Muuzaji alitupa nenosiri, lilikataa, nikabonyeza sehemu ya kusahau nenosiri, na skrini ikanijulisha kwamba ujumbe umetumwa kwenye barua pepe ambayo herufi zake nyingi zilikuwa zimefichwa kwa nyota. Herufi za mwanzo zilizoonekana zilikuwa za jina la muuzaji. Kisheria kampuni ilikuwa yetu, CR12 ilikuwa mezani, na bado mtu pekee aliyeweza kuingia kwenye akaunti ya kodi ya kampuni alikuwa yeye. Angetaka, angeweza kuwasilisha ritani yoyote kwa jina la kampuni yetu, au akabadilisha nenosiri na kutoweka.

Bahati ilikuwa kwamba elfu thelathini zake bado zilikuwa kwa wakili, na alipokea simu mara moja. Alinitumia nenosiri jipya, nikaingia, na kupitia sehemu ya kurekebisha taarifa za PIN nikabadilisha barua pepe, namba ya simu, anwani na orodha ya wakurugenzi, nikiambatanisha CR12. Ningeshauri jambo hili lifanyike siku ileile ya sahihi, muuzaji akiwa ameketi mbele yenu na simu yake mkononi, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho huenda kwake. Barua pepe mnayoiweka iwe ya kampuni, wala si ya mhasibu wala ya wakala, maana hao nao hubadilika.

Anwani ya ofisi iliyosajiliwa ilikuwa ya chumba ambacho muuzaji alikwisha kukihama. Hapa pia pana hatari isiyoonekana: barua au hati za kesi zikipelekwa kwenye anwani iliyosajiliwa huhesabiwa kwamba kampuni imezipata, hata kama aliyezipokea ni mpangaji asiyekujua. Tuliibadilisha pamoja na sanduku la posta.

Jina tulilibadilisha pia, kwa sababu la zamani lilikuwa muunganiko wa majina ya watoto wa muuzaji. Hilo lilihitaji azimio maalumu la wenye hisa, ambalo linataka angalau asilimia 75 ya kura, na jina jipya lililokwisha kukubaliwa na kuhifadhiwa. Namba ya usajili na tarehe ya kuzaliwa kwa kampuni hazikubadilika, wala madeni yasingebadilika kama yangekuwapo. Kilichotusumbua ni mfuatano. Tulipokwenda benki tukiwa na cheti cha kubadilisha jina na CR12 yenye jina jipya, afisa alivitazama, kisha akakitazama cheti cha PIN ambacho bado kilikuwa na jina la zamani, akaturudishia faili lote. Ilibidi turudi iTax, turekebishe jina, tuchapishe cheti kipya cha PIN, ndipo akaunti ikafunguliwa. Anayekusudia kubadilisha jina ni heri amalize BRS kwanza, kisha iTax, na benki awe wa mwisho, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti.

Sasa niseme kuhusu ule umri tulioununua. Hoteli ilipokea cheti chetu na kukubali kwamba sharti la miaka mitatu limetimia. Kisha afisa ununuzi akaomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na barua za wateja wa nyuma. Hesabu za kampuni hiyo zilikuwa sifuri kila mwaka, na wateja haikuwa nao. Shemeji aliuliza kama tunaweza kuandika kazi tulizozifanya kila mmoja kwa jina lake kana kwamba ni za kampuni. Nilikataa, na kwenye zabuni za serikali jambo kama hilo ni zito zaidi, kwani Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu mzabuni aliyetoa taarifa za uongo azuiwe kushiriki. Tuliandika barua tukaeleza wazi kwamba kampuni ilibadilisha wamiliki 2024, kwamba haikuwa na biashara kabla ya hapo, na kwamba sisi wawili tuna uzoefu binafsi, tukaambatanisha risiti zetu wenyewe. Hoteli ilitupa mkataba wa miezi mitatu wa majaribio badala ya mwaka, kisha ikauongeza.

Kusajili kampuni mpya kupitia eCitizen kulikuwa kukigharimu takriban shilingi 10,650 za ada ya serikali wakati huo. Sisi tulilipa 150,000 kwa muuzaji, pamoja na ada ya wakili na mhasibu ambazo zilikaribia nusu ya kiasi hicho. Tofauti hiyo yote ilinunua tarehe moja kwenye cheti, na tarehe hiyo ilitufungulia sharti moja tu kati ya matatu. Kwa mtu ambaye mteja wake anadai hesabu na uzoefu pamoja na umri, naamini kwamba aulize kwanza, kwa maandishi, kama kampuni ya zamani isiyo na biashara itakubaliwa, na apate jibu kabla ya kutafuta muuzaji.

Ritani ya sifuri ya 2023 tuliiwasilisha wenyewe mwezi wa Juni, kabla ya siku yake ya mwisho, ingawa mwaka huo kampuni haikuwa yetu. Muuzaji hakuwa na sababu ya kuikumbuka tena, na elfu ishirini za adhabu zingekuwa zetu. Miezi sita ilipotimia mhasibu aliifungua tena leja na orodha ya ritani, akahesabu miaka mmoja mmoja kama alivyofanya kwa ile ya kwanza, hakukosekana hata mmoja, na wakili akamlipa muuzaji elfu thelathini zake.